Kompyuta ya mezani imezima kabisa, haitoi hata kitaa? Usikimbilie kwa fundi kabla hujafuata umeme kuanzia ukutani

Leo naandika kuhusu kitu kilichonitoa jasho mwezi uliopita, maana najua wengi wetu humu tunatumia zile kompyuta za mezani za mtumba kuandika oda, kuchapa lebo za mizigo na kutunza hesabu. Siku ikigoma kuwaka, biashara inasimama na wateja wameshalipa.

Mimi niko Igoma, Mwanza. Nauza dagaa waliokaangwa na sangara wakavu, napokea oda mtandaoni, halafu jioni nafunga mizigo na alfajiri naipeleka stendi ya Nyegezi iondoke na mabasi. Siku hiyo nilikuwa na mizigo 14 ya kwenda Dar, Dodoma na Arusha. Majina yote, namba za simu na nani kalipa kiasi gani vilikuwa kwenye faili moja la Excel, ndani ya kompyuta. Saa kumi na moja jioni umeme ukakatika. Ukarudi baada ya kama nusu saa, na taa ya dukani ikawaka vizuri. Nikabonyeza kitufe cha kompyuta: kimya. Hakuna feni, hakuna kitaa, hakuna mlio. Nikabonyeza tena na tena kama mtu anayegonga mlango wa mdeni. Wapi!

Nilichofanya baada ya hapo ni kosa, na ndilo limenifanya niandike. Nikachomoa sanduku la kompyuta (lile ambalo mtaani wote tunaliita sipiyu), nikalipakata kwenye bodaboda mpaka kwa fundi mmoja mjini. Waya wa pawa nikauacha nyumbani, kwa sababu niliwaza, waya ni waya tu, fundi anazo nyingi. Fundi akalichomeka na waya wake, akabonyeza, likawaka palepale. Akaangalia ndani, akatoa ramu, akaifuta na kifutio, akairudisha. "Dada yangu, ilikuwa ramu, nimeshaisafisha. Nipe elfu kumi." Nikampa, nikamshukuru, nikapanda boda nyingine. Nikafika nyumbani, nikachomeka, nikabonyeza. Kimya kilekile.

Simlaumu sana fundi. Kwake ilikuwa inawaka, na ugonjwa haukuwa umekuja naye, ulikuwa umebaki dukani kwangu ukutani. Ila kama ningetumia dakika kumi kufuata njia ya umeme, ningebaki na hela ya fundi na ya boda mbili.

Sasa tuelewane kwanza tunazungumzia tatizo gani. Kuna kompyuta ambayo feni inazunguka na vitaa vinawaka lakini kioo ni cheusi. Hiyo ni habari nyingine, siigusi leo. Kuna ambayo inapiga milio ya tii tii tii. Hiyo pia siyo. Ninayoizungumzia ni ile ambayo ukibonyeza haifanyi kitu chochote, kama vile hujaichomeka. Na mara nyingi sana ukweli ndio huo: ni kama hujaichomeka, sehemu fulani kati ya ukuta na sanduku umeme haupiti. Na mtu akikwambia kwa tatizo hili "tupige Windows upya", kataa. Windows ikiharibika kompyuta bado inawaka, feni inazunguka na maandishi yanatokea kwenye kioo. Kompyuta ambayo haitoi hata kitaa haijafika huko kwenye Windows, na akiipiga upya atakufutia mafaili yako bure.

Tuanze ukutani. Najua unasema "taa imewaka, umeme upo". Taa na soketi mara nyingi haziko kwenye njia moja. Kwenye lile boksi la swichi kubwa la nyumba, taa zina sakiti breka yake na soketi zina yake. Umeme ukirudi kwa kishindo, breka ya soketi inaweza kuruka wakati ya taa imebaki. Kwa hiyo taa ya juu haikuambii chochote kuhusu soketi. Angalia breka zote zimeelekea upande mmoja. Kama moja imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena hapohapo, chomoa kila kitu kwenye soketi halafu ujaribu, na ikiendelea kushuka mwite fundi umeme, siyo fundi kompyuta.

Halafu jaribu soketi yenyewe. Wengi tunachomeka chaji ya simu, simu ikionyesha inachaji tunasema soketi nzima. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Lakini chaji ya simu inadanganya. Ukisoma maandishi madogo mgongoni mwake utaona imeandikwa 100-240V, yaani hata umeme ukishuka mpaka volti 100 yenyewe inachaji tu, tena inavuta umeme kidogo sana. Soketi iliyolegea ndani, ambayo vyuma vyake havishiki vizuri, inaweza kuchajisha simu na ikashindwa kuwasha kompyuta. Tumia taa ya mezani yenye balbu, au feni. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, na feni itakuonyesha kwa macho kama umeme ni hafifu: itazunguka kichovu. Ukiwa na maltimita ni vizuri zaidi, ila ukiwa hujawahi kuitumia kwenye soketi usianze leo.

Wakati unachomeka sikiliza na uguse. Plagi ikiwa inacheza, au ukisikia mlio wa cheche ndani, au soketi imekuwa ya kahawia pembeni ya matundu, hiyo soketi imekwisha. Acha kuitumia hata kama feni imewaka. Na swichi ndogo ya kwenye soketi, tafadhali iangalie. Najua ni aibu kukuambia. Mama wa dukani jirani yangu alishaniita usiku nikakuta mtoto alizima hiyo swichi na mguu.

Kabla hatujaondoka ukutani, neno moja kuhusu vile vizibo vya kulinda friji, ambavyo wengi tumechomekea kompyuta. Umeme ukirudi, kifaa hicho kwa makusudi hakipitishi umeme mara moja. Kinasubiri, kingine nusu dakika, kingine dakika kadhaa, kuhakikisha umeme umetulia. Huwa kina kitaa cha kuonyesha kinasubiri. Sasa mtu anakuja mbio umeme umerudi, anabonyeza kompyuta, kimya, anasema imeungua. Subiri kitaa kigeuke. Na umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno, kinaendelea kukata, na hapo kinafanya kazi yake, usikilaumu. Ukiwa na wasiwasi, kitoe, weka kompyuta kwenye soketi yenyewe kwa dakika mbili za kupima tu, halafu kirudishe.

Ekstensheni nayo ni vilevile: itoe kwenye njia. Ukipima, pima kompyuta ikiwa imechomekwa moja kwa moja ukutani, kwenye soketi ambayo umeshaona feni inazunguka. Ndipo unakuwa umekata nusu ya maswali.

Kwangu mimi huku kote kulikuwa sawa. Nilijaribu feni, ikazunguka vizuri. Monita nayo ilikuwa na kitaa, na imechomekwa ekstensheni ileile. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho ningetakiwa kukifanya mwanzo kabisa.

Geuza monita na sipiyu uangalie nyuma. Kwenye kompyuta nyingi za mezani waya wa pawa wa monita na waya wa sipiyu ni wa aina moja, wenye kichwa cheusi cha matundu matatu. Kwa hiyo una waya wa akiba ndani ya nyumba na hujui. Zima swichi za ukutani, chomoa nyaya zote mbili, uzibadilishane: waya wa monita uingie kwenye sipiyu, wa sipiyu uingie kwenye monita. Sukuma kichwa mpaka mwisho kabisa, maana hizi za mtumba matundu yake yanakuwa magumu, unadhani kimeingia kumbe bado nusu sentimita. Washa ukutani. Halafu bonyeza kitufe.

Hapa mara nyingi hutokea moja kati ya mambo mawili, na ndiyo uzuri wa hili zoezi. Kama sipiyu imewaka na monita imekufa, ugonjwa umehama na waya. Waya ndio mbovu, sipiyu haina kosa. Kama monita bado inawaka na sipiyu bado imekufa, waya zote mbili ni nzima na ugonjwa uko kwenye sanduku. Huhitaji kifaa chochote, huhitaji kujua umeme.

Kwangu, saa moja na nusu usiku, sipiyu iliwaka. Feni ikavuma. Monita ikawa giza tororo. Nilicheka peke yangu kama kichaa, halafu nikakumbuka elfu kumi yangu nikaacha kucheka.

Sasa waya wenyewe una nini? Plagi zetu za miguu mitatu mikubwa ya bapa zina fyuzi ndani. Ukiigeuza ukaangalia kule iliko miguu, katikati utaona kidroo kidogo cha plastiki. Plagi ikiwa imechomolewa kabisa, unakitoa na bisibisi nyembamba, fyuzi inatoka nacho. Ni kijiti kifupi cheupe chenye vofia vya chuma huku na huku. Zile za udongo mweupe huwezi kuona ndani kama imekatika, kwa hiyo usiitazame ukasema nzima. Ama uipime na maltimita kwenye alama ya mlio, ikilia ni nzima, ama chukua fyuzi kwenye plagi nyingine unayojua inafanya kazi uiweke hapo.

Angalia namba iliyoandikwa kwenye fyuzi. Waya za kompyuta mara nyingi zinakuja na fyuzi ya 5A au 13A, na kompyuta ya ofisi ya kawaida haihitaji hata 5A. Weka namba ileile uliyoikuta. Usifanye ule ujanja wa kuzungushia karatasi ya sigara au kipande cha waya. Nimeona watu wanafanya na inawaka kweli, lakini siku kukiwa na shoti, kitakachokatika badala ya fyuzi ni waya wenyewe, kwa moto, na wewe umelala na maboksi ya mizigo chumba hichohicho.

Fyuzi yangu ilikuwa imekatika. Nikatoa ya kwenye plagi ya birika, nayo ilikuwa na namba ileile, nikaiweka, monita ikawaka. Nikachapa lebo 14, nikamaliza kufunga saa nne usiku, na mizigo ikaondoka alfajiri.

Ila hadithi ya waya haikuisha. Nilipotoa fyuzi niliona kofia yake moja ina rangi ya kahawia, kama imechomwa. Sikujali. Baada ya siku mbili nikashika plagi nikakuta ni ya moto, siyo vuguvugu, ya moto. Vile vyuma vinavyoshika fyuzi ndani vilikuwa vimelegea. Umeme ukipita kwenye mguso uliolegea unazalisha joto, joto linalegeza zaidi, mwisho fyuzi inakatika hata kama kompyuta haijavuta umeme kupita kiasi. Kwa hiyo umeme kurudi siku ile haukuharibu kitu kizima, ulimalizia tu kitu kilichokuwa kinakufa taratibu. Waya nikautupa, nikanunua mwingine. Kwa hiyo ukibadilisha fyuzi, mara mbili tatu kwa siku hiyo shika plagi. Na kama fyuzi mpya inakatika papohapo ukiwasha, usiweke ya tatu. Hiyo ni shoti, peleka kwa fundi.

Kwa wale wenye nyaya zenye plagi ya miguu miwili ya mviringo, zinazokuja na kompyuta za Ulaya. Adapta ya kuunganisha ndiyo sehemu ya kwanza ya kuishuku, ile ya bei rahisi inacheza ndani. Na adapta nyingi hazipitishi waya wa ethi, ndiyo maana ukigusa chuma cha sanduku unahisi kama sisimizi wanakutembea mkononi. Nunua waya wenye plagi yetu, siyo ghali kuliko kompyuta.

Haya, tuseme umebadilishana nyaya na sipiyu bado imekufa. Angalia nyuma ya sanduku, pale waya unapoingia. Kompyuta nyingi za kuunganishwa na baadhi ya za kampuni zina swichi ndogo hapo, yenye alama I na O. I ni imewashwa, O ni imezimwa. Ukisukuma sanduku ukutani kufagia, inaweza kubonyea. Za zamani zina kitu kingine hapo, kiswichi chekundu cha kuteleza chenye namba 115 na 230. Kwetu kinatakiwa kionyeshe 230. Usikichezee kabisa kompyuta ikiwa imechomekwa, na usikipeleke kwenye 115 eti ujaribu. Ukiwasha hapo kwenye umeme wetu utasikia paa! na harufu, na hapo kweli utakuwa umeiua.

Sasa kile kitaa. Hii ndiyo sehemu niliyojifunza mwenyewe na nikaipenda sana. Ndani ya sanduku kuna boksi la chuma linaloitwa pawa saplai. Linapokea volti 230 na kuzigeuza kuwa umeme mdogo wa kompyuta. Watu hawajui kwamba boksi hilo halilali kabisa. Ukiichomeka tu kompyuta, kabla hujabonyeza kitufe, sehemu ndogo ya pawa saplai inaamka na kutoa volti 5 kwenda mazabodi. Ni mlinzi wa usiku: duka limefungwa, lakini yeye yuko macho anasubiri ugonge. Kitufe cha mbele hakikati wala kuunganisha umeme mkubwa, kinampa tu huyo mlinzi ishara ya kufungua duka.

Kwa hiyo kama mlinzi yuko macho kutakuwa na kitaa mahali. Kwenye HP nyingi za ofisi kuna kitaa cha kijani nyuma, kwenye pawa saplai yenyewe, kando ya pale waya unapoingia. Kwenye mazabodi nyingi kuna kitaa kidogo ndani. Zima taa ya chumba uchungulie kwenye matundu ya sanduku. Kama unatumia waya wa intaneti, tundu lake nyuma linaweza kuwa na kitaa hata kompyuta imezimwa. Kipanya cha mwanga mwekundu nacho kwenye baadhi ya mashine kinabaki kinawaka, ila kisipowaka usihukumu, mashine nyingine zinakikatia umeme kwa makusudi.

Kitaa kikiwepo, kila kitu kuanzia ukutani, waya, fyuzi na swichi ya nyuma viko sawa. Usirudi tena huko. Ugonjwa ni kitufe cha mbele na waya wake, au mazabodi, au ile sehemu kubwa ya pawa saplai. Kitaa kisipokuwepo na una uhakika wa soketi na waya, basi mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Ona sasa unavyoweza kuzungumza na fundi kwa heshima: badala ya "haiwaki", unamwambia "soketi nzima, waya nimebadilisha, swichi ya nyuma iko kwenye I, kitaa cha nyuma hakiwaki". Fundi mwenye akili atakuelewa, na mwenye tamaa atajua hujalala.

Kabla ya kwenda kwake kuna jambo moja la bure. Pawa saplai ikishtuka, kwa mfano umeme ulipokatika na kurudi haraka haraka, inaweza kujifungia ili kujilinda, na inabaki imejifunga mradi kuna umeme unaoingia. Chomoa waya wa pawa kabisa. Chomoa na vya pembeni, printa, spika, vyote. Bonyeza kitufe cha mbele ukishikilie kama sekunde 30 kumaliza umeme uliobaki ndani. Kama kitaa kilikuwa bado kinawaka kidogo baada ya kuchomoa, kitazimika hapo, hiyo ni kawaida. Acha dakika tano, rudisha waya wa pawa peke yake, bonyeza. Mama jirani yangu, yule wa swichi ya mtoto, kompyuta yake imewahi kufufuka hivi mara mbili. Ikiwaka, rudisha vifaa kimoja kimoja. Yeye kilichokuwa kinaizima ni printa yenye tundu la USB lililopinda.

Wenye Dell OptiPlex mna bahati. Kwenye nyingi, nyuma kwenye pawa saplai kuna kitufe kidogo sana na kitaa pembeni yake, vimewekwa kwa ajili ya kuipima. Waya ukiwa umechomekwa kwenye soketi nzima, bonyeza hicho kitufe ushikilie. Kitaa kikiwaka kijani, pawa saplai inapumua. Kisipowaka, bado usinunue nyingine, kwa sababu inawezekana kitu ndani kina shoti na kinaivuta chini. Fundi anachomoa waya zake zote kutoka kwenye mazabodi na diski, anabonyeza tena. Ikiwaka sasa, pawa saplai ni nzima na ugonjwa uko upande wa pili. Isipowaka hata ikiwa peke yake, hiyo imekufa. Mwombe afanye mbele yako, haichukui muda.

Na ukiambiwa ununue nyingine, chukua ile ya zamani mkononi uende nayo. Usinunue kwa kusema "nataka pawa saplai ya kompyuta". Ile ya kawaida ina kichwa kikubwa cha pini 24, lakini OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zinatumia kichwa cha pini 8. Ukifika nyumbani haiingii, na muuzaji atakuambia bidhaa iliyotoka hairudi.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ukizima na kuchomoa, ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme wa kukurusha. Hata kama unaona kwenye matundu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa, na sisi wa kando ya ziwa tunawajua wanavyojaa, au mjusi mkavu, puliza kwa nje ikiwa imechomolewa halafu mwachie fundi. Wangu ukipulizwa unatoa wadudu wa kujaza kijiko.

Jambo la mwisho la oda zako. Pawa saplai ikifa, mafaili hayafi nayo kwa kawaida. Yako kwenye diski, na diski inachomolewa ikawekwa kwenye kompyuta nyingine ukasoma faili lako kama kawaida. Kwa hiyo kama mizigo inasubiri, mwambie fundi kwanza akutolee diski akupe faili la oda, matengenezo yafuate. Mimi sasa kila jioni kabla ya kufunga naipiga picha ile orodha ya Excel na simu. Na waya wa pawa wa akiba umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, nimeuandikia kwa kalamu "MZIMA", tarehe niliyoupima chini yake.